Oda "Zilizookolewa" na Watu Wenye Wangerudi Tu

Kuna imeili moja ambayo kama unanunua vitu onlaini lazima umeshaiona. Umeweka raba kwa kikapu, ukaangalia pesa ya kuletewa, ukaguna, ukafunga simu ukalala. Kesho asubuhi unapata ujumbe: umesahau kitu. Picha ya zile raba iko hapo, saizi yako, rangi yako, na kitufe kikubwa cha kukurudisha dukani. Wakati mwingine wanakuongezea diskaunti ya asilimia 10 ndio usizubae.

Ukirudi ukanunua, kuna kompyuta mahali inaandika: oda moja imeokolewa. Mimi sina noma na hiyo imeili. Noma yangu ni hilo neno "imeokolewa". Kuna watu wanalipwa kwa hilo neno, kuna maduka yanatoa diskaunti kila siku kwa sababu ya hilo neno, na mara nyingi hakuna mtu ameuliza swali dogo tu: huyu mtu si angerudi mwenyewe?

Swali hilo lina historia yake, na wacha tuanze na kikapu chenyewe.

Mwaka wa 1937, pale Oklahoma City Marekani, mwenye maduka mmoja anaitwa Sylvan Goldman aliona kitu rahisi sana. Wateja wake walikuwa wanabeba vikapu vya mkono, na kikapu kikishakuwa kizito, mtu anaacha kununua. Si kwamba hela imeisha, ni mkono umechoka. Akatengeneza kigari cha kusukuma. Mwanzoni watu walikikataa, mpaka ikabidi alipe watu wazunguke dukani wakisukuma vigari kana kwamba ni wateja. Kwa duka la aina hiyo, ukiacha kigari chako katikati ya njia ukaenda, mfanyakazi anarudisha unga na sabuni kwenye rafu na hadithi inaishia hapo. Hakuna mtu anajua ulikuwa nani.

Duka la mtandaoni mwanzoni lilikuwa na shida kubwa kuliko hiyo. Wavuti haikuwa na kumbukumbu kabisa. Kila ukifungua ukurasa mpya, seva inakuona kama mgeni. Ukichagua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza, ukifika wa pili imeshakusahau. Mwaka wa 1994 kampuni ya Netscape ilikuwa inatengeneza programu ya biashara ya mtandaoni kwa ajili ya kampuni ya simu ya MCI, na MCI hawakutaka seva zao zibebe mzigo wa kukumbuka kila mtu alikuwa amechagua nini. Kijana mmoja wa Netscape, Lou Montulli, akaja na suluhisho: acha kompyuta ya mteja yenyewe ibebe karatasi ndogo ya kumbukumbu, na kila inaporudi kwa seva iionyeshe. Karatasi hiyo ndiyo kuki. Zile kuki unazoulizwa kila siku kama unakubali ama hukubali, moja ya sababu za kuzaliwa kwake ilikuwa kikapu cha kununulia.

Kwa hivyo kikapu kikapata kumbukumbu. Na kikishakuwa na kumbukumbu, mwenye duka akaanza kuona kitu ambacho Goldman hangeweza kukiona: hesabu kamili ya vikapu vilivyoachwa. Hiyo hesabu ilishtua watu. Baymard, taasisi ya utafiti ya Denmark, imekuwa ikikusanya takwimu za watu wengi tofauti kuhusu jambo hili, na wastani wake unazunguka asilimia 70. Yaani kati ya vikapu 10, kama 7 hivi havifiki kwa malipo.

Sasa fikiria wewe ndiwe mwenye duka na mtu anakuonyesha hiyo namba. Utaona pesa imemwagika chini. Na mtu akikuambia ana mashine ya kuizoa, utamsikiliza. Ndivyo biashara ya imeili za kukumbusha ilivyokua. Kulikuwa na kampuni kama SeeWhy, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa hii ya vikapu vilivyoachwa, na mwaka wa 2014 ikanunuliwa na SAP, jitu la programu la Ujerumani. Klaviyo ya Boston ilianza 2012. Leo hata duka dogo kabisa linaweza kuwasha imeili hizi kwa dakika chache bila kuandika msimbo wowote.

Mashine yenyewe si ngumu kuelewa. Mtu anaweka kitu kwenye kikapu na duka lina anwani yake, labda kwa sababu ana akaunti, labda ameandika imeili yake kwenye fomu ya malipo halafu akaachia hapo. Saa inaanza kuhesabu. Baada ya muda uliowekwa, mfumo unaangalia: amenunua? Kama bado, imeili inaenda. Halafu sehemu ya pili ya mashine inaanza, na ndiyo ninataka uikazie macho. Mfumo unafungua dirisha la siku kadhaa. Mtu akifungua ama akibofya ile imeili, halafu akanunua ndani ya hizo siku, ununuzi wote unaandikwa kwa jina la imeili. Kwa Klaviyo, ukiiacha ilivyo bila kubadilisha chochote, dirisha la imeili ni siku 5.

Soma hiyo tena polepole. Mtu alifungua, halafu alinunua. Hakuna mahali imesemwa alinunua kwa sababu alifungua.

Hapo kwa kufungua pia kuna kichekesho. Mfumo unajua umefungua imeili kwa sababu ndani yake kuna kipicha kidogo kisichoonekana, na kipicha kikipakuliwa, seva inasema "ameona." Septemba 2021 Apple walileta kinga ya faragha kwenye programu yao ya barua, na wateja wengi wa iPhone wakaanza kupakuliwa hizo picha na mitambo ya Apple hata kama hawajagusa ujumbe. Kwa hivyo kuna watu ambao hawajawahi kuona ile imeili, wamenunua raba zao kivyao, na dashibodi inasema wameokolewa.

Lakini hata bila Apple shida ingekuwa pale pale, na sababu yake ni nani huyo anayeacha kikapu. Mwaka wa 2010 watafiti wawili, Monika Kukar-Kinney na Angeline Close, walichapisha utafiti kuhusu kwa nini watu huacha vikapu mtandaoni. Pamoja na mambo ya gharama na wasiwasi, waliona kwamba watu wengi hutumia kikapu kama mahali pa kuweka vitu. Wanaburudika, wanalinganisha bei, wanangoja ofa. Si kusahau. Nyinyi wenyewe mnajua: ni wangapi hapa huweka kitu kwa kikapu tarehe 20 wakingoja mshahara, ama wakingoja mzazi atume kitu? Huyo mtu hajapotea. Ameshika foleni.

Na ndiyo maana mtu aliyeacha kikapu ndiye mtu mbaya zaidi wa kukupimia nguvu ya tangazo. Kati ya wote waliopita dukani, yeye ndiye karibu zaidi na kununua. Ukimtumia imeili ya kukumbusha, ama shairi, ama picha ya mbuzi, wengine katika kundi lake watanunua wiki hii.

Tembelea steji yoyote ya matatu utaelewa. Kuna yule manamba anasimama mlangoni akiita abiria wa Rongai. Wewe unaenda Rongai, umeshaiona gari, unatembea kuelekea mlangoni, na hatua mbili kabla ufike anakushika begani, "Rongai mtu wangu, ingia." Unaingia. Gari ikijaa anadai hela yake, na kwa hesabu yake wewe ni abiria aliyekuleta. Kweli kuna watu analeta, wale wa kusitasita kati ya gari hii na ile ya nyuma. Lakini dereva anataka kujua ni wangapi, na kwa kumwangalia manamba peke yake hawezi kujua. Njia ni moja: amwambie manamba akae chini, gari zingine zijae bila yeye, halafu alinganishe.

Hii akili ya kulinganisha haikutoka kwa watu wa matangazo. Ilitoka shambani. Mwaka wa 1919 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alianza kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, ambapo walikuwa na miaka mingi ya rekodi za mbolea na mavuno. Shida yao ilikuwa kama yetu. Umeweka mbolea kwa kipande cha shamba, kimezaa vizuri. Je, ni mbolea, ama hicho kipande kilikuwa na rutuba tangu zamani? Fisher alisisitiza kwamba usichague kwa macho kipande cha kuwekea mbolea. Gawa shamba vipande, halafu acha bahati nasibu iamue kipi kinapata na kipi kinakosa. Rutuba, maji, kivuli cha mti, vyote vitajigawa pande zote mbili bila upendeleo, hata vile ambavyo hukuvifikiria. Tofauti itakayobaki, ikiwa kubwa kuliko ya bahati tu, ni ya mbolea. Mwaka wa 1935 akayaweka hayo kwenye kitabu chake kuhusu upangaji wa majaribio.

Watu wa matangazo ya mtandaoni walikuwa na kompyuta, walikuwa na mamilioni ya wateja, walikuwa na kila kitu Fisher hakuwa nacho, na bado wengi wao walikuwa wanahesabu kama manamba. Kisa kilichowatoa usingizini ni cha eBay.

eBay walikuwa wanalipa ili mtu akitafuta neno "eBay" kwenye mtandao, tangazo la eBay litokee juu ya matokeo. Ukiangalia dashibodi, hayo matangazo yalikuwa dhahabu, kwa sababu watu walioyabofya walinunua sana. Wachumi watatu waliokuwa wakifanya utafiti huko, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, wakauliza swali la dereva: mtu ameandika jina letu mwenyewe, tusipolipa ataenda wapi? Machi 2012 matangazo ya aina hiyo yakazimwa kwenye Yahoo na MSN. Asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ikarudi kupitia matokeo ya kawaida ya bure, yale yaliyokuwa chini kidogo ya tangazo. Karibu wote walikuwa wanakuja tu.

Hawakuishia hapo. Walizima pia matangazo ya maneno mengine kwenye Google katika takriban asilimia 30 ya maeneo ya Marekani, mengine wakayaacha yakiwaka, na mauzo yakabadilika kidogo mno. Utafiti ulichapishwa 2015 kwenye jarida la Econometrica. Sehemu yake ninayoipenda zaidi ni hii: matangazo yaliwasaidia wateja wapya na wale wanaonunua mara chache. Kwa wateja wa kila siku hayakufanya kitu, na hao ndio walikuwa wanakula sehemu kubwa ya bajeti.

Sasa rudi kwa kikapu. Mtu aliyeandika jina la duka lako na mtu aliyeweka raba kwa kikapu chako ni ndugu. Wote wameshaonyesha nia. Kwa hivyo dawa ni ile ile: wengine wapate imeili, wengine wasipate, na bahati nasibu iamue. Hao wa pili mimi nawaita kundi la kimya.

Wacha tufanye mfano. Namba ni zangu za kubuni, nimezichagua ziwe rahisi kichwani, lakini hesabu ni ya kweli. Duka linauza viatu, kikapu cha kawaida ni shilingi 2,000, na faida kwa kila oda ni shilingi 500. Kwa miezi kadhaa limepata watu 10,000 walioacha vikapu na ambao anwani zao linazo. Linagawa kwa bahati nasibu: 5,000 wanatumiwa imeili yenye diskaunti ya asilimia 10, wengine 5,000 wanaachwa kimya.

Kwenye kundi la imeili, watu 600 wananunua. Kati yao 400 walipitia ile imeili na wakatumia diskaunti. Dashibodi inapiga kelele: oda 400 zimeokolewa! Kila moja shilingi 1,800, jumla 720,000. Mtu wa matangazo anapiga picha ya skrini, anaiweka kwa ripoti, anaomba aongezewe mshahara.

Halafu unafungua kundi la kimya. Hapo watu 500 wamenunua. Hakuna aliyewakumbusha. Walirudi tu, kwa bei kamili.

Kwa hivyo imeili imeleta oda 100, si 400. Na hizo 100 zilileta faida ya shilingi 50,000 kabla ya diskaunti. Diskaunti yenyewe ni shilingi 200 mara watu 400, yaani 80,000. Duka limepoteza 30,000. Ukitaka kuhakikisha, piga hesabu kundi zima kwa zima: kimya ni oda 500 mara 500, sawa na 250,000. Imeili ni oda 600 mara 500, sawa na 300,000, toa 80,000 za diskaunti, zinabaki 220,000. Lile kundi ambalo halikufanyiwa chochote limeleta pesa zaidi.

Sijasema imeili ni mbaya. Kwa mfano huu huu, imeili bila diskaunti ingeleta hata oda 50 za ziada tu, duka lingepata shilingi 25,000 karibu bure. Kilichoua ni kuwapa punguzo watu 300 ambao tayari walikuwa wameshika pesa mkononi, na dashibodi haiwezi kukuonyesha hao 300 kwa sababu imewaandika kama ushindi.

Kuna vitu vichache hapa watu huharibu, na vingine vinauma kwa sababu unadhani umefanya jaribio safi kumbe wapi.

Cha kwanza ni kulinganisha waliofungua imeili na kundi la kimya. Ukifanya hivyo umerudi kwa manamba. Anayefungua imeili ya duka ni mtu anayelipenda hilo duka. Lazima ulinganishe wote 5,000 na wote 5,000, pamoja na wale ambao imeili yao iliangukia kwenye taka na hawakuiona. Najua inaonekana si haki kwa imeili. Lakini bahati nasibu iligawa watu wote, haikugawa wafunguaji.

Cha pili ni saa. Tuseme imeili inatoka saa 4 baada ya kikapu kuachwa. Kuna watu watarudi ndani ya hizo saa 4, labda bando liliisha wakaenda kununua lingine, labda ujumbe wa kuweka PIN ya M-Pesa ulichelewa mpaka muda ukaisha wakaanza upya. Kwenye kundi la imeili hao hawahesabiwi, kwa sababu mfumo unaangalia kwanza kama mtu amenunua kabla ya kutuma. Kama kundi la kimya umelihesabu tangu dakika kikapu kilipoachwa, umeliongezea watu ambao upande wa pili umewatoa, na imeili itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Dawa yake ni kuandika kwenye rekodi za kundi la kimya ile dakika ambayo imeili ingetumwa, kana kwamba imetumwa, halafu pande zote mbili uanze kuhesabu kutoka hapo. Watafiti Johnson, Lewis na Nubbemeyer waliandika mwaka wa 2017 kuhusu mbinu ya namna hii kwa matangazo ya picha, wakayaita matangazo ya mzimu: tangazo halikuonyeshwa, lakini unajua hasa nani angeonyeshwa na lini. Hii yetu ni imeili ya mzimu.

Cha tatu ni kugawa vikapu badala ya watu. Mimi naweza kuacha vikapu vitatu kwa wiki. Ukigawa vikapu, kimoja changu kitapata imeili na kingine kitakaa kimya, na ile imeili ya kwanza itanirudisha ninunue kile cha pili. Gawa mtu, na akishakuwa upande mmoja abaki huko mpaka mwisho. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Mtu anaona imeili, halafu hafuati kitufe. Anaandikia duka kwa WhatsApp, "sasa, hii raba bado iko?" na analipa kwa simu. Kama hesabu yako inaona tu oda za wavuti, huyo amepotea. Lazima oda za WhatsApp ziunganishwe kwa namba ya simu, na kwa makundi yote mawili, si kwa lile unalolipenda.

Halafu kuna ukubwa wa duka, na hapa wengi watakata tamaa. Tofauti ya watu 600 na 500 kwenye makundi ya 5,000 haiko imara sana. Ni asilimia 12 dhidi ya 10, na kosa la bahati nasibu hapo ni kama asilimia 1.2 kila upande. Kwa hivyo ukweli unaweza kuwa oda 40 za ziada ama 160. Angalau unajua ni zaidi ya sifuri na ni mbali sana na 400. Sasa chukua duka dogo lenye vikapu 400 tu, 200 kila upande. Ikiwa nguvu ya imeili ni ile ile, utategemea watu 24 upande mmoja na 20 upande wa pili. Kosa la bahati hapo ni zaidi ya asilimia 6. Wiki moja imeili itashinda, wiki nyingine kimya kitashinda, na hakuna lolote utakuwa umejifunza. Ili uwe na nafasi nzuri ya kuona tofauti ya asilimia 2, unahitaji karibu watu 3,800 kila upande. Duka dogo lina njia mbili: lingoje mwaka mzima huku likikusanya, ama liache kupima na litume imeili ya kawaida isiyo na diskaunti, kwa sababu hiyo haikupotezei pesa ya diskaunti ikikosea. Mtu akikuambia ameona ushindi kwa vikapu 400, mwonyeshe hii aya.

Muda wa kuhesabu nao una mchezo. Imeili inaweza kumfanya mtu anunue leo badala ya wiki ijayo. Ukihesabu siku 5 itaonekana umeleta oda mpya, ukihesabu siku 30 kundi la kimya litakuwa limefika. Kwa hivyo chora mistari miwili, ya kila kundi, siku baada ya siku. Kama pengo linafunguka halafu linabaki, imeili imeleta watu. Kama linafunguka halafu linajifunga, imeili imeharakisha watu tu, ambalo si jambo baya ukiwa na kodi ya duka ya kulipa, lakini si oda iliyookolewa.

Na imeili inaweza pia kufukuza. Mwaka wa 2021 Jing Li, Xueming Luo, Xianghua Lu na Takeshi Moriguchi walichapisha kwenye Journal of Marketing majaribio ya bahati nasibu kuhusu matangazo ya kuwarudisha watu kwa vikapu vyao. Walioletewa tangazo kati ya nusu saa na saa moja baada ya kuacha kikapu walinunua kidogo kuliko wale ambao hawakuletewa kitu. Waliongojewa siku moja hadi tatu walinunua zaidi. Fikiria vile dashibodi ingeripoti ile ya nusu saa. Wapo waliopata tangazo wakanunua, kwa hivyo ingesema zimeokolewa oda kadhaa. Haina namna ya kuonyesha namba iliyo chini ya sifuri. Kundi la kimya ndilo pekee linaweza kusema, "mngenyamaza mngeuza zaidi."

Kuna jambo moja ambalo hata kundi la kimya halilishiki vizuri, na nyinyi wasomaji wangu ndio wahusika wakuu. Kuna watu wameshajifunza. Wanaweka kitu kwa kikapu, wanakiacha makusudi, wanangoja kuponi. Mmoja wao akiangukia kundi la kimya, anangoja, kuponi haiji, anakasirika, anaenda duka lingine ama anaahirisha. Kwenye hesabu itaonekana kundi la kimya linanunua kidogo, kwa hivyo imeili ina nguvu. Lakini huyo mtu hangekuwa ameacha kikapu hata kidogo kama duka halikumzoesha. Yaani diskaunti inatengeneza vikapu vilivyoachwa, halafu inajisifu kwa kuviokoa.

Ili kulikamata hilo, huwezi kuanza kupima mtu akishaacha kikapu, umechelewa. Inabidi ugawe wateja wote tangu mwanzo, hata wasioacha kitu, na kikundi kidogo, tuseme mmoja kati ya 10, kikae nusu mwaka bila kuona kuponi ya kikapu hata moja. Halafu usihesabu vikapu kabisa. Hesabu faida yote iliyotoka kwa kila kundi, ugawe kwa idadi ya watu wake, uone nani yuko juu. Ni jaribio refu, halina picha nzuri ya skrini, na yule aliyeajiriwa kuokoa vikapu hatalipendekeza. Inabidi aliombe mwenye duka mwenyewe.